Baamedi wa Mwanjelwa anamjua aliyelewa

Baamedi wa Mwanjelwa, Mbeya, angefaulu sehemu ngumu ya mtihani wa kuuza pombe kwa uwajibikaji tunaofanya huku Sidni kabla ya kuruhusiwa kusimama kaunta. Kinachoweza kumtoa jasho ni ile sehemu nyepesi, ya hesabu.

Australia wanahesabu kwa kipimo kimoja: gramu 10 za kilevi halisi, iwe kwenye bia, mvinyo au pombe kali. Unazidisha lita za kinywaji kwa asilimia ya kilevi, kisha kwa 0.789, na lebo za huku zinalazimika kuonyesha jibu. Chukua bia ya Safari ya mililita 500 yenye asilimia 5.5. Jibu ni karibu vipimo 2.2, kwa hiyo yule jamaa wa Uyole anayesema "nimepiga mbili tu" ameshavuka vinne. Konyagi ya mililita 250, yenye asilimia 35, inakaribia saba.

Sasa mtu akae saa moja jioni, na kufika saa tatu awe amemaliza Safari nne. Ameingiza karibu vipimo tisa. Mwili huondoa takriban kimoja kwa saa, kwa hiyo bado anavyo karibu saba, na bia ya mwisho pengine haijamkolea. Kahawa na supu haziharakishi chochote. Ndiyo maana mtihani unataka uhesabu mapema badala ya kusubiri mtu aanguke.

Nyumbani hesabu ipo, ila imewekwa kwa ajili ya bili. Chupa tupu zinaachwa mezani au vizibo vinawekwa pembeni, na dada anajua kila mtu kanywa ngapi. Anachokosa ni kuzidisha tu. Kwenye ulanzi hata hiyo haisaidii. Utomvu wa mwanzi unaendelea kuchacha ndani ya ndoo. Mtogwa wa asubuhi ni mtamu tu, na ukikaa unakuwa mkangafu. Lita moja ya leo si lita moja ya kesho, na kikombe kinazunguka watu wanne. Iringa huwezi kumhesabia mtu ulanzi, utamtazama.

Na kutazama ndiko sheria ya huku ilikolala. Hapa kwenye jimbo la New South Wales hakuna idadi ya vipimo inayomfanya mtu awe mlevi. Wanaangalia mambo manne: kauli, namna anavyosimama, mikono na miguu inavyomtii, na tabia. Likiharibika mojawapo kiasi cha kuonekana, na ukawa na sababu ya kuamini kwamba ni pombe, humuuzii tena. Hicho kipande cha "sababu ya kuamini" ndicho kinachoangusha watu. Kwenye mtihani wanakupa mtu anayeyumba, anatokwa jasho, maneno yanamkwama, na ndiyo kwanza ameingia. Ukijibu haraka kwamba kalewa, umekosa. Anaweza kuwa na kisukari na sukari imeshuka, au uso umelegea upande mmoja kwa kiharusi. Unamsogelea, unamuuliza, unawauliza aliokuja nao, unaangalia kama ulimuuzia chochote. Baamedi wa kwetu anayewajua wateja wake kwa majina na magonjwa yao hili angelimaliza bila kitabu.

Tofauti kubwa naiona kwenye kukataa. Huku unafundishwa kumwita pembeni, mbali na wenzake, useme kwa upole kwamba sheria haikuruhusu kumwongezea. Neno "umelewa" halitamkwi, maana hapo ndipo ugomvi huanza. Unampa maji, unamtafutia usafiri, unawaambia wenzako wa kaunta asije akahudumiwa upande wa pili. Rafiki akimnunulia, hapo pia unazuia. Akitakiwa kutoka kwa sababu ya ulevi, haruhusiwi kurudi ndani ya saa 24, na meneja anasimama nyuma yako kwa sababu faini inamhusu yeye pia.

Dada wa Mbeya anakataa kwa ujanja: bia za baridi zimeisha, jiko limefungwa, ngoja kidogo bosi wangu nakuja. Kuchelewesha hivyo hata huku wanafundisha, kwa mtu ambaye bado hajafika mbali. Lakini mteja akigonga meza akaita mwenye baa, bia inakuja, na dada ndiye anayeonekana hana adabu. Wengine hapa wananiambia dawa ni kuwapeleka mabaamedi wetu kozi. Sikubaliani. Kozi ningempeleka mwenye baa kwanza, na sharti langu lingekuwa moja: mhudumu akishasema basi, yeye asiende kufungua friji.