Posho, asilimia na mipaka ya mfasiri wa andiko la mradi

Mashirika mengi yanayoandaa maandiko ya miradi kwa Kiswahili huacha tafsiri ya Kiingereza ifanywe mwishoni, baada ya bajeti kukamilika. Hapo ndipo mfasiri anapokuta maneno ambayo mwandishi hakulazimika kuyachambua, kwa sababu wasomaji wake wa kwanza waliyaelewa kutokana na mazoea. Swali linalogawanya watu wa kazi hii ni iwapo mfasiri ayaache maneno hayo na utata wake, au achague maana itakayomfaa mfadhili.

Tuchukue maelezo ya bajeti yenye mstari huu: "Posho kwa washiriki 30 wa mafunzo kwa siku 3." Hesabu ni nyepesi, malipo 90, lakini posho inaweza kuwa fedha ya kujikimu kwa aliyelala nje ya kwake, malipo ya kuhudhuria kikao, au nauli anayorudishiwa mshiriki. Kiingereza kina neno tofauti kwa kila moja, na kila neno huja na kanuni zake za uhasibu. Fedha ya kujikimu hulipwa kwa kiwango kilichopangwa, nauli hurejeshwa kwa kuonyesha risiti au tiketi, na malipo ya kikao ni gharama ambayo wafadhili wengi hawaikubali kabisa. Mfasiri anayejua hayo hushawishika kuandika "marejesho ya nauli", kwa kuwa neno hilo halitamshtua mtathmini. Bajeti ikipita, mkaguzi atakuja baadaye kudai tiketi 90, na mhasibu atakuwa na karatasi za mahudhurio zenye sahihi tu. Gharama hiyo inaweza kukataliwa na shirika likatakiwa kuirudisha, ingawa hakuna aliyeiba chochote.

Upande wa viashiria kosa hujificha zaidi. Kiashiria kinasema: "Idadi ya wajawazito wanaohudhuria kliniki mara nne au zaidi itaongezeka kwa asilimia 20." Tuseme eneo la mradi lina wajawazito 1,500, na 600 kati yao, yaani asilimia 40, wanahudhuria hivyo sasa. Kwa jinsi sentensi ilivyoandikwa, ongezeko ni la asilimia 20 ya wale 600, nao watafika 720. Lakini nimeona mara nyingi mwandishi akikusudia kutoka asilimia 40 hadi 60, yaani pointi 20 za asilimia, ambapo lengo ni wajawazito 900. Pengo la watu 180 limejificha katika kifungu kimoja, na Kiingereza kinatenganisha maana hizo mbili waziwazi. Dalili ya kosa huonekana mfasiri akilinganisha kiashiria na jedwali la malengo: jedwali likisema 900 na sentensi ikisema asilimia 20, kimojawapo hakiko sawa.

Wanaotetea tafsiri inayofuata maandishi kama yalivyo wana hoja nzito. Shirika ndilo linalotia sahihi mkataba, na mfasiri anayebadilisha maana analifunga kwa ahadi ambayo halikuitoa. Wanaotetea marekebisho nao hawajakosea, kwa sababu mtathmini hana mazoea yetu, na neno la jumla kuhusu fedha humfanya ashuku kwamba bajeti haikupangwa vizuri. Hata neno "vijana" linamponza: Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huhesabu wenye miaka 15 hadi 24, ilhali Mkataba wa Vijana wa Afrika unawahesabu wenye miaka 15 hadi 35.

Ninaelemea upande wa marekebisho, kwa sharti moja ambalo kwangu halina mjadala: mfasiri asichague maana peke yake. Arudi kwa mhasibu aulize malipo hayo yatathibitishwa kwa hati gani, kwa maana jibu hilo ndilo litakaloonyesha neno sahihi. Kwa msimamizi wa ufuatiliaji aombe namba tatu: hali ya sasa, lengo, na idadi ya watu wote ambayo asilimia inakokotolewa kutokana nayo. Kisha andiko la Kiswahili lirekebishwe kabla ya kufasiriwa, kwa kuwa wafanyakazi wa mradi watatekeleza kwa Kiswahili ilhali mkaguzi atasoma Kiingereza.

Njia hii inagharimu muda, na tarehe ya mwisho haisogezwi. Mhasibu asipopatikana, ni afadhali mstari wa posho ufasiriwe kwa maelezo marefu yanayotaja washiriki 30, siku 3 na kiwango cha kila mmoja bila kuyapa malipo hayo jina la aina, na msimamizi aandikiwe barua fupi kumweleza kwamba aina ya malipo bado haijaamuliwa. Kwa kiashiria hakuna njia ya mkato kama hiyo, maana namba lazima iwe 720 au 900, na ataisema mwenye mradi.