Video ya dagaa na watoto wanne

“Mwalimu, si muiweke hiyo video YouTube hivyo hivyo tu, bila maelezo yoyote? Sitaki binti yangu ajulikane yuko wapi.”

Hofu ya mama huyu ni ya kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yenyewe inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Wanaomuunga mkono hapa Kigoma ni wengi, na hoja yao inaeleweka upesi: kisichoandikwa hakisomwi. Shida ni kwamba simu huandika hata mtu asipoandika.

Video yenyewe ni ya dakika sita. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu wanaonyesha jinsi dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavyokaushwa kwenye kichanja badala ya kumwagwa mchangani. Waliipiga mfululizo, uani kwa mmoja wao, maana ndipo kichanja kilipokuwa. Faili lilitoka kwenye simu likiitwa `VID_20250906_161204.mp4`. Asiyejua kompyuta ataona namba tu, lakini hiyo ni Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 2025, saa 10 na dakika 12 jioni. Ndani ya faili kulikuwa na mstari mwingine, wa namna hii (namba hizi nimeziweka za mjini tu, si za pale uani):

```
-04.8769+029.6267/
```

Hizo ni latitudo na longitudo, na kamera huuandika mstari huo pale inaporuhusiwa kutumia mahali simu ilipo. Tazama tarakimu nne baada ya nukta. Tarakimu ya nne ikibadilika kwa moja, umesogea kama mita 11, hatua kumi na tano hivi za mtu mzima. Zikibaki tarakimu mbili, unazungumzia zaidi ya kilomita moja, yaani mtaa mzima na mwingine wa jirani. Simu haikosi kupotea kidogo, hasa chini ya miembe, lakini hata ikikosea nyumba moja, bado imemfikisha mtu kwa jirani, na jirani hujua ni nani anayeanika dagaa uani. Kwa hiyo video ambayo haikuandikwa jina la mtoto hata mmoja ilikuwa imebeba anwani ya nyumba ya mmoja wao. Haikuwa na neno moja kuhusu dagaa.

YouTube huichakata video upya, na mstari huo hauwafikii watazamaji. Lakini hawa vijana walitaka pia kuweka kiungo cha Google Drive ili wenzao washushe nakala. Huko faili hubaki kama lilivyo. Hali kadhalika ukilituma WhatsApp kama hati badala ya video. Ukitaka kujua, litazame kwa programu ya `exiftool` na utafute neno GPS au Location. Kulisafisha ni amri moja ya programu ya `ffmpeg`:

```
ffmpeg -i VID_20250906_161204.mp4 -map_metadata -1 -c copy dagaa-kichanja.mp4
```

Kisha ulitazame tena kabla ya kulipandisha. Picha na sauti haziguswi, na ndipo upande wa yule mama unapopata nguvu: nembo ya shule kwenye sare, au mtu akiitwa jina kwa sauti, havisafishwi na amri hii. Hapo ni kukata kipande au kupiga upya.

Baada ya hapo ndipo uandike, na uandike vya kutosha, lakini kuhusu kazi. Kichwa kiwe “Kukausha dagaa wa Ziwa Tanganyika kwenye kichanja”. Kwenye maelezo ingia ukubwa wa wavu wa kichanja, muda wa kuanika na mwezi wa kazi, kwa sababu dagaa wa masika hawakauki kama wa kiangazi. Siku na saa hazimsaidii mkaushaji yeyote. “Kigoma” inatosha, maana jina la shule, kidato na mkondo vikikaa pamoja, mtoto asiyetajwa jina ameshatajwa.

Kijana mmoja aliona amepata njia: majina ya wenzake ayaweke kwenye tagi, kwa kuwa hazionekani chini ya video. Zimo kwenye msimbo wa ukurasa, yeyote anaweza kuzifungua. Na YouTube wenyewe wanasema tagi husaidia kidogo sana katika kutafutwa, kwa hiyo angewaanika wenzake bure.

Linabaki swali la heshima ya kazi, na hili silipuuzi, maana waliopara dagaa asubuhi nzima wanataka watajwe. Tuliandika “kikundi cha wanafunzi wanne”. Aliyeshika kamera akaweka jina lake la kwanza, baba yake akiwa ameridhia kwa maandishi. Orodha kamili imo kwenye daftari la mwalimu, kabatini. Wawili walinuna. Mama wa yule binti aliomba asomewe maelezo yote, akataka tufute neno “uani”. Tulilifuta.