Teja mbele ya meza ya watu watatu

"Mtu kakamatwa na unga mfukoni, mnampeleka kwa daktari badala ya jela. Si mmemwachia tu?"

Inategemea anapita wapi kati ya polisi na daktari. Ureno wameiandika njia hiyo kwenye sheria tangu Julai 2001. Tuchukue kijana aliyekutwa Lisboni na gramu 0.6 za heroini. Sheria ilihesabu gramu 1 kuwa matumizi ya mtu mmoja kwa siku 10, kwa hiyo hana kesi ya jinai. Polisi wanauchukua unga na kumpa wito wa kufika mbele ya tume ndani ya saa 72. Huko hakuna kizimba. Kwanza anaongea na mtaalamu anayepima kama ni mraibu au anaonja tu. Kisha anakaa na wajumbe watatu, mmoja wa sheria, wengine wa afya au ustawi wa jamii. Akikubali tiba, shauri linasimamishwa. Asipoikatiza bila sababu, linafungwa. Akikataa, hawawezi kumlazimisha, wala mraibu hatozwi faini, na hapo naona walifikiri vizuri: mwenye arosto ataitoa wapi faini kama si kwa kuiba? Wanaweza kumtaka aripoti mara kwa mara au kumkataza kufika maeneo fulani.

Wanaopinga wana hoja nzito. Oregon, Marekani, ilifuta jinai ya kukutwa na dawa kidogo za kulevya Februari 2021. Polisi wakawa wanatoa tiketi ya faini ya dola 100, inayofutika ukipiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Wengi hawakupiga wala hawakulipa. Huduma zilichelewa, fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikasambaa, na Septemba 2024 jinai ikarudishwa. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye ile simu: mgonjwa alipewa karatasi, hakukutanishwa na mtu.

Wengine wanataka fimbo, kama kwenye mahakama za dawa za kulevya zilizoanzia Miami mwaka 1989, ambako mshtakiwa anarudi kwa hakimu mara kwa mara, anapimwa mkojo, na akiteleza anaweza kulala mahabusu. Fimbo humfikisha mtu mlangoni, sibishi. Ila kuteleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mahabusu ina hatari yake: akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili unapoteza uzoefu, na kete ileile aliyoizoea inaweza kumuua siku anayotoka.

Hata Ureno, aliyevunja nyumba ili apate hela ya unga anakwenda mahakama ya kawaida. Tume haimgusi.

Kisha kuna upande wa kliniki. Methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kila siku. Anayekaa mbali anahitaji nauli kila asubuhi. Tume kama ya Ureno ikimwelekeza huko bila kuihesabu nauli hiyo, itamwona tena mezani kabla mwezi haujaisha.