Maji mawili ndiyo vikombe vingapi? Nani mwenye kicheko katika video za kujibizana

"Niliweka TikTok video ya roleksi, nikieleza kwa Kiganda. Mtu wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, akaikata kipande, akaijibu kwa Kiswahili, na ya kwake ikatazamwa kuliko yangu. Watu wanachekea maneno yangu. Huo si wizi?"

Kabla ya kusema ndiyo au hapana, inafaa kuangalia kicheko chenyewe kinapatikana wapi. Roleksi ni mayai ya kukaanga yaliyokunjwa ndani ya chapati, chakula cha mitaani Uganda. Tuchukue video ya aina hiyo yenye sekunde 24. Muuzaji yuko Wandegeya, Kampala, chapati zimepangwa pembeni, kikaango kimeshapata moto. Sekunde ya 4 anasema, "Oteekamu amagi abiri", yaani unatia mayai mawili. Sekunde ya 6 anapasua yai la kwanza kwenye kikombe cha plastiki, kisha la pili. Anaongeza kitunguu, nyanya, kabichi na chumvi, anakoroga, anamimina kwenye kikaango, anafunika kwa chapati, anageuza na kukunja. Hakuna mzaha hata mmoja humo. Ni mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Sasa msikie kwa sikio la Mswahili. Kiganda huandika "amagi", lakini "gi" hutamkwa "ji". Kwa mtu wa Busia asiyejua Kiganda, hiyo ni "maji", na "abiri" inafanana sana na "mawili". Anajibu: "Ssebo, maji mawili ndiyo vikombe vingapi?" huku ameshika jagi juu ya kikaango. Mzaha umekamilika, kwa kuwa maji kwa Kiswahili hayahesabiki mawili wala matatu. Anayejibu haulizi kwa nini roleksi inatiwa maji. Anauliza kipimo, kama mpishi mtiifu.

Ukiitoa video ya Wandegeya, lile swali la jagi halina maana. Ukilitoa swali, video ya Wandegeya inabaki mafunzo ya upishi. Kwa hiyo mwenye kulalamika ana hoja ya kweli: nusu ya kicheko ni sauti yake. Lakini mwenye kujibu naye ana hoja, maana nusu ya pili, ile ya kuyasikia maneno kwa lugha nyingine, haikuwamo katika video ya kwanza hata kidogo. Hakuchukua mzaha wa mtu. Alichukua sentensi isiyo na mzaha akaikuta na maana ya pili.

Kwa maoni yangu swali la wizi linatuelekeza mahali pasipo. Jambo zito zaidi ni pale mkasi ulipopita.

Kitufe cha Stitch kilipoingia TikTok Septemba 2020, kilimruhusu mtu kuchukua hadi sekunde 5 za video ya mwenzake na kuzibandika mwanzoni mwa yake. Sekunde 5 hizo si lazima ziwe za mwanzo. Unasogeza dirisha la kukatia mpaka unapopataka. Katika video yetu kuna njia mbili za kukata, na zote zinaonekana halali.

Njia ya kwanza ni kuchukua sekunde 0 hadi 5. Mtazamaji anaona chapati, anasikia "amagi abiri", na mkato unakuja kabla yai halijapasuliwa. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyekutana na video hii hana njia ya kujua kwamba muuzaji alisema mayai. Anachokiona ni Mganda anayefundisha kutia maji kwenye roleksi, na Mswahili anayemshangaa. Kicheko chote kinamwangukia muuzaji, na kinamwangukia kwa uongo.

Njia ya pili ni kuchukua sekunde ya 3 hadi ya 8. Sauti ni ileile, jagi ni lilelile, ila sasa yai la kwanza linapasuka mbele ya macho kabla ya mkato. Mtazamaji anajua mara moja kwamba muuzaji yuko sahihi na kwamba aliyekosea ni mwenye jagi. Kicheko kimehama mtu. Na kwa wanaojua lugha zote mbili, ambao Uganda ni wengi, mzaha unakuwa mtamu zaidi kwa sababu wanasikia maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Tofauti ya njia hizo mbili ni sekunde 3 za kusogeza kidole. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kila stichi ni dhihaka, wala na wanaosema kwamba mradi kitufe kimeruhusu basi hakuna neno. Tazama kama kile kinachomsafisha mwenye video ya kwanza kimo ndani ya kipande au kimeachwa nje. Kikiwa kimeachwa nje, aliyejibu amebadilisha maana ya mwenzake, hata kama hakuongeza neno.

Kuna pia ufundi wa sauti katika mkato huo, na wengi wanauharibu. Mkato ukipita katikati ya "abiri", silabi ya mwisho inamezwa na watu hawasikii "mawili" humo. Acha angalau nusu sekunde baada ya neno. Kisha jibu lianze papo hapo. Ukianza kwa kujitambulisha au kurudia maneno ya muuzaji, sauti aliyoisikia mtazamaji inafifia kabla jagi halijaonekana. Jagi liwe tayari mkononi katika picha ya kwanza kabisa ya upande wako.

Dueti ni jambo jingine, na kwa mzaha wa aina hii naiona ina haki zaidi kuliko stichi. Hapo video mbili zinaenda sambamba, ubavu kwa ubavu au moja juu ya nyingine, na ya kwako inafuata urefu wa ile ya kwanza. Ukirekodi hadi mwisho huwezi kuacha yai nje, kwa kuwa sekunde zote 24 zinapita. Muuzaji anabaki mzima na kazi yake yote.

Lakini haki hiyo ina gharama kwa mwenye kujibu. Hana mkato wa kumsaidia; lazima mzaha utokee kwa saa ya mtu mwingine. Katika mfano wetu anasimama kimya na kikaango chake hadi sekunde ya 4. Neno likitamkwa, anainua jagi na kuanza kuliinamisha. Sekunde ya 6 yai linapasuka upande wa pili. Mkono wake unagandia hapohapo, tone halijadondoka. Haneni kitu. Zile sekunde 18 zilizobaki anaweza kuweka jagi chini polepole na kuanza kutafuta mayai.

Inayoharibu dueti nyingi ni pande zote mbili kusogea kwa pamoja. Jicho la mtazamaji lipo moja. Likiwa kwa jagi wakati yai linapasuka, mzaha umepita. Kwa hiyo mwenye jagi atulie kabisa tangu mwanzo wa sekunde ya 6, jicho lihame lenyewe kwenda kwenye yai, halafu lirudi na kumkuta ameganda.

Kosa la pili ni la masikio. Ukirekodi huku simu inapiga sauti ya muuzaji kwa spika, maikrofoni yako inaidaka tena, na mtazamaji anamsikia mara mbili, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Vaa visikilizi. Vya waya ni bora, kwa kuwa vile visivyo na waya huchelewesha sauti kidogo. Hata moja ya tano ya sekunde inatosha jagi kuinuka kwa kuchelewa, na mtazamaji atahisi umeigiza bila kujua kwa nini. Dalili yake ni rahisi kuiona: tazama video yako na uangalie kama unachelewa kwa kiasi kilekile kila mara. Kama ndivyo, tatizo ni vifaa wala si wewe. Na kwa kuwa dueti hii haina maneno yako, unaweza kushusha sauti ya upande wako hadi mwisho kabla ya kuiweka hewani.

Turudi kwa hoja za mwenye video. Wanaotetea kujibizana husema ridhaa ipo, kwa kuwa Duet na Stitch huweza kuzimwa kwa akaunti nzima au kwa video moja, na kwa mwenye umri chini ya miaka 16 zimefungwa. Husema pia kwamba jina la mwenye video ya kwanza linajiandika lenyewe, na kwamba wageni humfuata kutoka huko. Yote ni kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 nayo, inapopima matumizi ya haki, huangalia mambo kama kusudi, kiasi kilichochukuliwa na athari kwa soko la kazi ya kwanza. Sekunde 5 za maneno zinazojibiwa kwa mzaha mpya si mzigo mkubwa kwenye mizani hiyo.

Ila ridhaa ya kitufe ni ya mwenye akaunti. Wauza roleksi wengi wanaoonekana mtandaoni hawakujirekodi. Walirekodiwa na mteja aliyekuwa akisubiri chakula. Mteja ndiye aliyeacha kitufe wazi, na sura inayochekwa si yake. Hapo hoja ya "angezima" inavunjika kabisa. Anayetaka kujibu video kama hiyo aulize kwanza nani anaonekana na nani anaimiliki. Wakiwa watu wawili tofauti, dueti nzima, au kuacha kabisa.

Jina linalojiandika nalo lina mipaka. Watazamaji wengi hupata video kama hizi kwa kutumiwa WhatsApp, si TikTok. Inayofika huko ni video peke yake. Maelezo yenye jina la muuzaji yamebaki nyuma. Anayejua hilo huandika jina ndani ya picha yenyewe, katikati upande wa juu, kwa kuwa chini hufunikwa na maelezo na kulia hufunikwa na vitufe.

Kwako wewe uliyeuliza, tafuta kipande chako kilianzia wapi na kiliishia wapi. Kama yai limo, hukuibiwa, na watu hawakucheki wewe. Kama halimo, muombe aliyekijibu akiweke upya chenye yai. Kuzima kitufe sasa kutazuia majibu mapya tu. Na kama ameacha Stitch wazi kwenye video yake, unalo jibu la tatu: chukua mwisho wa kipande chake, pale anapouliza vikombe vingapi, kisha onekana wewe na yai mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili, uinue yai bila kusema kitu. Lipasue papo hapo, maana watakaokuja kwa video hiyo ya tatu wengi hawajawahi kuiona ya kwanza.