Mama Chebet hakuamini kuwa ni mimi

Kwa chama chetu mimi ndiye katibu. Tuko wanawake 12, wengi wetu tunaishi Nakuru mjini, wawili wako Njoro na mmoja Bahati. Kila mwezi mtu hutoa 1,500, akichelewa anaongeza faini ya 100, na Jumapili ya kwanza tunakutana kwa mmoja wetu. Kazi ninayoiogopa kuliko zote ni kumwandikia mtu aliyechelewa. Ukiandika kwa ukali unaumiza mtu ambaye kesho mtakunywa chai pamoja, na ukiandika kwa upole mno pesa haziji.

Ndiyo maana mwaka huu nilianza kuchukua maneno kwenye programu ya akili unde iliyo kwenye simu yangu. Mama Chebet wa Njoro alikuwa na deni la miezi miwili, jumla 3,200 pamoja na faini. Nilipata maneno mazuri, nikayanakili jinsi yalivyo, nikaongeza nambari ya mweka hazina, nikatuma:

"Mpendwa mwanachama, natumai ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema. Ningependa kuchukua fursa hii kukukumbusha kwamba mchango wako wa miezi miwili haujapokelewa. Tafadhali tuma kiasi cha shilingi 3,200 kwa nambari ifuatayo kabla ya tarehe 5 — siku ya mkutano wetu. Usisite kuwasiliana nami iwapo una swali lolote. Asante kwa ushirikiano wako."

Hakutuma kitu. Alimpigia mweka hazina, Mama Wanja, akamwambia simu ya katibu imeibiwa. Mama Wanja akawaonya wengine, na kwa siku mbili hakuna aliyetuma hata shilingi. Nilipompigia Mama Chebet mwenyewe aliniuliza kwanza jina la ng'ombe wake ndipo akakubali kuongea nami. "Wewe hujawahi kuniita mpendwa mwanachama," akasema. "Nikajua huyu si katibu. Katibu huniuliza viazi kwanza."

Alikuwa na haki kabisa. Hapa Kenya tumeishi na M-Pesa tangu 2007, na karibu kila mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba". Tumejifunza kupima. Jambo la kwanza tunalolitazama ni kama mtu huyu anaongea jinsi tunavyomjua, na la pili ni kama ameleta nambari mpya. Ujumbe wangu ulianguka kwa yote mawili. Sauti haikuwa yangu, na nambari ya Mama Wanja, ambayo Mama Chebet ameitumia miaka yote, niliiandika upya kana kwamba haijui. Kwa mtu makini huo ndio mwendo wa tapeli, na sauti yangu ndiyo sahihi pekee niliyo nayo kwenye ujumbe mfupi.

Sisemi kuchukua maneno ya tayari ni vibaya. Lugha yetu imejaa maneno ya tayari. Barua za wazee zilianza na "ama baada ya salamu", kisha "mimi ni mzima, hofu ni kwako", na hakuna aliyelalamika kwamba mwandishi hakuyatunga mwenyewe. Shuleni tulifundishwa kuandika KUH: na kumaliza na "wako mwaminifu". Kwenye msiba sote husema "poleni sana, Mungu awatie nguvu". Maneno hayo ni ya wote. Anayepokea anajua ni ya wote, na anachosikiliza ni kwamba umefika. Kwa hiyo ukimwandikia chifu kuomba barua, chukua kiolezo kizima bila wasiwasi, maana chifu hatafuti sauti yako. Shida huanza pale unapoazima maneno ya tayari kwa kitu ambacho ni chenu wawili tu, kama deni, ugomvi, au shukrani kwa mtu aliyelala na mgonjwa wako hospitalini. Rafiki yangu mmoja alipofiwa na babake alipokea "kumbukumbu zake zitaishi mioyoni mwetu milele" kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona mzee huyo. "Pole" ya neno moja ingemfaa zaidi.

Nilipotulia niliuweka ule ujumbe wangu kando ya jumbe sita za mwisho nilizowahi kumwandikia Mama Chebet. Kazi hii ilinichukua dakika chache, na sasa siandiki ujumbe mgumu bila kuifanya. Nilitazama mambo machache tu. Ninamwitaje? Mama Chebet, kila mara. Ninaanzaje? Na habari ya Njoro, halafu viazi au mvua. Jumbe zangu zina urefu gani? Mistari miwili, mitatu. Ninamalizaje? Na siku tutakayoonana. Sikuona "asante kwa ushirikiano wako" mahali popote, wala "ningependa kuchukua fursa hii".

Halafu nikasoma ile rasimu kwa sauti, kifungu kwa kifungu, nikijiuliza kama naweza kukitamka nikiwa nimesimama mlangoni kwake. "Usisite kuwasiliana nami" kilikwama mdomoni. Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanga. Mlangoni ningesema "kama kuna shida nipigie". "Haujapokelewa" nacho kinamficha mtu, kwa sababu hakisemi nani hajapokea nini. "Natumai ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema" kina uzee wake katika barua, na katika barua ya kwenda mbali kingenoga, lakini si kwa mtu niliyekula kwake Jumapili iliyopita. Mara nyingine programu hizi hunipa "shikamoo" na "ndugu". Tanzania, kumwandikia mkubwa wako bila shikamoo ni kukosa adabu. Hapa Nakuru, nikimwandikia Mama Chebet shikamoo, atafikiri nimehama. Heshima yetu sisi iko kwenye jina la mtoto wake na kumuulizia shamba kabla ya pesa.

Kilichobaki baada ya kusoma kwa sauti kilikuwa kidogo, lakini chenye maana: mpangilio. Kiasi gani, cha nini, kitumwe wapi, kabla ya lini. Mimi nikiandika kwa hofu huwa nasahau kimoja, mara nyingi kile kiasi, halafu mtu anatuma pungufu na tunaanza tena. Kwa hiyo mpangilio niliuazima wote, na maneno nikaweka yangu:

"Mama Chebet habari ya Njoro. Ni katibu. Viazi vimeshika bei? Zimebaki 3,200, miezi 2 na faini. Tuma kwa ile ya Mama Wanja ya siku zote. Jumapili tuko kwako."

Ona ile nambari. Sikuiandika. "Ile ya Mama Wanja ya siku zote" ni maneno ambayo tapeli hawezi kuyatumia, kwa kuwa yeye lazima alete nambari yake. Na viazi si pambo. Mama Chebet hulipa akiuza viazi, kwa hiyo swali hilo linamwambia najua kwa nini amechelewa, nalo humpa nafasi ya kunijibu bila aibu. Programu haikujua habari ya viazi, na hata kama ningeiambia, ingevigeuza kuwa "natambua changamoto unazopitia".

Kuna jambo jingine nililogundua kwa kuchelewa, nalo ni la simu yenyewe. Mama Chebet ana kabambe, hana WhatsApp, kwa hiyo namtumia SMS ya kawaida. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ikipita hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubeba 153, kwa sababu sehemu ndogo hutumika kuviunganisha tena. Lakini hesabu hiyo ni ya orodha maalum ya herufi na alama za kawaida tu. Ukiingiza alama moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishwa kwa mfumo mwingine ambapo SMS moja hubeba 70 pekee, na ukikatwa kila kipande 67. Kile kistari kirefu kabla ya "siku ya mkutano" kiko nje ya orodha. Ujumbe wangu wa kwanza, pamoja na nambari, ulipita herufi 340, na badala ya vipande 3 ukawa 6, kwa sababu ya kistari kimoja ambacho sijawahi kukiandika kwa kidole changu maishani. Ule wa pili una herufi 156, kwa hiyo ulienda mzima.

Hili linatugusa sisi waandishi wa Kiswahili kuliko wengi, kwa ajili ya ng'. Ile alama ya juu ukiiandika iliyonyooka, kama ' hii, iko ndani ya orodha. Programu za kuandikia hupenda kuikunja, na iliyokunjwa iko nje. Ujumbe wenye ng'ombe mmoja aliyenakiliwa vibaya unaweza kukugharimu mara mbili, na kwenye simu ya zamani alama hiyo huweza kutokea kama kisanduku kitupu. Ukinakili, futa vistari virefu na alama zilizokunjwa, uziandike upya kwa kibodi ya simu yako. Simu nyingi huonyesha hesabu ndogo karibu na kitufe cha kutuma. Ikiruka ghafla kutoka kipande kimoja hadi viwili au vitatu na hujaongeza maneno mengi, kuna alama ya kuazima humo ndani.

Wapo wanaosema dawa ni kuandika mwenyewe kwanza, kisha programu ikunyooshee. Nimejaribu, na ninaipenda kuliko kuanza na maneno yake, ila iangalie inachoondoa. Kwangu huondoa "basi", "haya", "si unajua", na kila neno ambalo halibebi habari. Maneno hayo ndiyo yanayobeba mtu. "Haya basi, tuonane Jumapili" na "tuonane Jumapili" si kitu kimoja. Ya kwanza imekubali na kutulia, ya pili inaweza kuwa amri. Ninaweka rasimu mbili juu na chini, na kila kilichoondolewa nakiuliza kilikuwa na kazi gani. Vingi hurudi.

Kwa kundi zima sina suluhisho kamili. Tangazo la mkutano kwa watu 12 siwezi kulijaza viazi vya mmoja, kwa hiyo hapo natumia kiolezo kile kile kila mwezi, kifupi, na tarehe na mahali vikibadilika, nao wamekizoea kama walivyozoea filimbi ya matatu. Lakini anayedaiwa simtangazi kundini. Humwandikia peke yake. Mama Chebet alijibu siku ile ile: bei bado, anatuma 1,700, zilizobaki atatupa mkononi Jumapili, na nije na mfuko.