Saa moja si mkengeuko sanifu mmoja

Wiki iliyopita nililetewa rasimu ya sura ya matokeo niisome, na katika ukurasa wake wa tatu nikakutana na sentensi hii: «Kila saa moja inayoongezeka ya kujisomea inaongeza alama 0.50 katika mtihani (β = 0.50).» Nikaweka kalamu chini. Si mara ya kwanza kuiona sentensi ya aina hiyo, na nakiri kwamba miaka mingi iliyopita niliwahi kuiandika mimi mwenyewe na hakuna aliyenisahihisha. Lakini safari hii iliniudhi zaidi, kwa sababu aya mbili mbele mwandishi alipendekeza masomo ya ziada yasitiliwe maanani, kwa hoja kwamba beta yake, yaani koefishenti sanifu ya regresheni, ndiyo ndogo kuliko zote. Kosa la kwanza ni la kusoma jedwali vibaya. La pili ni la kufikiri, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Nimebadilisha namba zake ili kumsitiri mwenyewe na kurahisisha hesabu. Wanafunzi ni 200. Kigeu tegemezi ni alama za mtihani kati ya 0 na 100, zenye mkengeuko sanifu wa 12. Vigeu huru ni vitatu. Cha kwanza ni saa za kujisomea kwa wiki, zenye mkengeuko sanifu wa 4. Cha pili ni hofu ya mtihani, iliyopimwa kwa dodoso la kauli 20 ambalo jumla yake huanzia 20 hadi 100, na mkengeuko sanifu wake ni 15. Cha tatu ni kupata au kutopata masomo ya ziada, yaani 1 au 0, na waliopata ni 20 tu kati ya wote. Tuchukulie pia kwamba vigeu hivi vitatu havina uhusiano wowote kati yao. Katika data halisi si hivyo, lakini hoja haibadiliki.

Koefishenti ghafi zilikuwa 1.5 kwa saa za kujisomea, −0.24 kwa hofu, na 8 kwa masomo ya ziada. Koefishenti sanifu, zile ambazo SPSS huziweka peke yake chini ya `Beta`, zilikuwa 0.50, −0.30 na 0.20. Njia ya kutoka b, ile ghafi, hadi β, ile sanifu, ni fupi:

```
β = b × (SDx / SDy)
```

Kwa saa za kujisomea, 1.5 × 4 ÷ 12 ni 0.50. Kwa hiyo ile sentensi ya ukurasa wa tatu ilipaswa kusema alama 1.5. Ile 0.50 haihesabu alama wala saa: inasema kwamba wanafunzi wanaotofautiana kwa mkengeuko sanifu mmoja wa kujisomea, yaani saa 4, wanatarajiwa kutofautiana kwa nusu ya mkengeuko sanifu wa alama, yaani alama 6. Saa 4 kwa alama 6 ni saa 1 kwa alama 1.5. Uhusiano ni uleule, ila mwandishi alichukua namba ya kipimo kimoja akaivisha maneno ya kipimo kingine, na athari aliyoitangaza ikawa theluthi ya ile aliyoipata.

Kosa hilo hurekebishwa kwa dakika moja. Twende kwenye lile la pili.

Watu wanaipenda beta kwa sababu wameambiwa kwamba huondoa vipimo, na vipimo vikishaondoka kila kitu kinaweza kulinganishwa na kila kitu. Ukweli ni kwamba haiondoi kipimo, bali inaleta kingine, na kipimo hicho kipya ni mtawanyiko wa sampuli uliyoipata wewe. Ni sawa na kupima kitambaa kwa shibiri: hesabu inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini mwingine akirudia kwa kiganja chake atapata namba tofauti, na kitambaa hakijapungua wala kuongezeka.

Chukua masomo ya ziada. Mkengeuko sanifu wa kigeu cha 0 na 1 hutegemea tu sehemu ya watu walio katika kila kundi: ni kipeuo cha pili cha p(1 − p), p ikiwa sehemu ya walio na 1. Waliopata masomo wakiwa asilimia 10, mkengeuko huo ni 0.3, na beta inakuwa 8 × 0.3 ÷ 12, yaani 0.20. Wangekuwa nusu ya wanafunzi, mkengeuko ungekuwa 0.5, na hata ukizingatia kwamba mtawanyiko wa alama nao ungeongezeka kidogo, beta ingekaribia 0.32. Mwanafunzi aliyekaa darasani jioni hajafundishwa vizuri zaidi wala vibaya zaidi, na tofauti yake na mwenzake bado ni alama 8, lakini beta imepanda kwa zaidi ya nusu kwa sababu tu ya wingi wa wenzake. Kisha mtu mzima na akili zake anatuandikia kwamba masomo ya ziada «yana mchango mdogo kuliko yote», ilhali alama 8 ni zaidi ya zinazoambatana na saa 5 za kujisomea kila wiki! Alichokipima ni uchache wa wahudhuriaji.

Najua nitakachojibiwa: uchache huo nao ni habari, na watu 20 ni wachache mno kutegemewa. Ni kweli, na una mahali pake. Mahali hapo ni kosa sanifu. Katika data hii kosa sanifu la ile 8 ni takriban 2.25, kwa hiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia alama 3.6 hadi 12.4. Hayo ni masafa mapana, na msomaji anapaswa kuyaona. Yanamwambia kwamba faida inaweza kuwa ya wastani au kubwa sana, na kwamba watu 20 hawatoshi kuamua ni ipi. Hiyo ni taarifa tofauti kabisa na kusema faida ni ndogo. Uchache wa watu unapaswa kuyapanua masafa, lakini beta inauingiza ndani ya ukubwa wa athari yenyewe, na akishaiona beta peke yake msomaji hawezi tena kujua kama 0.20 imetokana na athari ndogo au kundi dogo.

Jambo hilohilo huwapata wanaolinganisha makundi mawili kwa beta. Tuseme kuna kundi jingine ambalo ratiba yake ni kali, hivyo saa za kujisomea zinatofautiana kwa mkengeuko sanifu wa 2 tu badala ya 4, na mengine yote yako vilevile, pamoja na ile 1.5 kwa saa. Sehemu ya mtawanyiko wa alama inayotokana na kujisomea inashuka, mkengeuko sanifu wa alama unakuwa takriban 10.8, na beta inakuwa 3 ÷ 10.8, yaani 0.28. Nimeshasoma mijadala mirefu, yenye nadharia na fasaha tele, ikieleza kwa nini kujisomea «kuna nguvu zaidi» katika kundi moja kuliko jingine, bila mwandishi kuangalia mkengeuko sanifu hata mara moja. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi kuiona: weka koefishenti ghafi za makundi mawili sambamba, na ikiwa zinakaribiana huku beta zinaachana, unachokishuhudia ni tofauti ya mtawanyiko.

Sasa nikubali, kwa shingo upande, kwamba koefishenti ghafi nayo hufika mahali ikawa bubu. Angalia ile −0.24 ya hofu ya mtihani. Inasema kwamba kila pointi moja ya dodoso huambatana na upungufu wa alama 0.24. Pointi moja ya hofu ni nini? Hakuna anayeijua, kwa sababu imetokana na idadi ya kauli alizozichagua mtunga dodoso. Angetumia kauli 40, namba ingekuwa tofauti. Hapa kusanifisha kuna maana, na kama kigeu tegemezi nacho kingekuwa dodoso la aina hiyo, kwa mfano kuridhika au motisha, beta kamili ingekuwa ndiyo lugha pekee ya kueleweka. Hata hivyo, katika mfano wetu mtihani una alama ambazo kila mtu anazielewa, kwa hiyo sioni kwa nini tuzitupe. Sanifisha upande wa hofu peke yake: −0.24 × 15 ni −3.6. Tofauti ya mkengeuko sanifu mmoja wa hofu huambatana na upungufu wa alama 3.6. Huo ndio usanifishaji ninaoupenda, ule unaogusa kipimo kisicho na maana na kukiacha chenye maana.

Kuhusu kigeu cha 0 na 1, usikisanifishe. Nukta. Mwaka 2008 mwanatakwimu Andrew Gelman alipendekeza vigeu endelevu vigawanywe kwa mikengeuko sanifu miwili na vya 0 na 1 viachwe vilivyo, ili viweze kulinganishwa kwa karibu. Asiyeweza kuishi bila ulinganisho ajaribu njia hiyo. Na kama una kigeu cha mwingiliano, usiiamini beta ambayo programu imeitoa kwa kusanifisha zao lenyewe: sanifisha vigeu kwanza, kisha uvizidishe. Zaidi ya hapo, t na p za vigeu ni zilezile katika jedwali lote, hivyo hakuna anayepata «umuhimu wa kitakwimu» kwa kuhamia safu ya pili.

Mwenye rasimu aliniuliza, kwa adabu ambayo mimi sikuwa nayo siku hiyo, aya yake basi iandikweje. Nilimwandikia hivi: «Vigeu vingine vikizingatiwa, kila saa moja zaidi ya kujisomea kwa wiki iliambatana na alama 1.5 zaidi (b = 1.5, masafa ya uhakika ya asilimia 95: 1.2 hadi 1.8). Waliopata masomo ya ziada walikuwa na alama 8 zaidi ya wasiopata (b = 8.0, 3.6 hadi 12.4), masafa haya ni mapana kwa kuwa walikuwa 20 tu. Tofauti ya mkengeuko sanifu mmoja wa hofu ya mtihani, yaani pointi 15, iliambatana na upungufu wa alama 3.6 (2.3 hadi 4.9).» Nilimwondolea neno «inaongeza» pia, kwa sababu hakuna aliyewapangia wanafunzi hao saa zao kwa bahati nasibu.

Akauliza tena beta zake ziende wapi, maana msimamizi wake anazitaka. Ziende katika safu ya mwisho ya jedwali, nikamjibu, zikiwa na maelezo chini yake kwamba b ni ghafi na β ni sanifu, na pembeni ya kila kigeu pawe na wastani na mkengeuko sanifu wake, ili mwenye sampuli nyingine aweze kupiga hesabu kwa namba zake mwenyewe.