Nani aligonga kwanza? Mstari mmoja kwenye imeili ya bima unaweza kukumaliza

Dada yangu kanitumia imeili aliyowaandikia watu wake wa bima baada ya ajali, anataka nimwambie kwa nini madai yake hayasogei. Nimeisoma na nimekasirika kweli. Sijamkasirikia yeye, maana mtu aliyetoka kugongwa na mikono bado inatetemeka anaandika kadiri anavyoweza. Nimewakasirikia waliopokea ile imeili, wakaona kabisa ina utata, wakakaa kimya mpaka utata ukageuka kuwa sababu ya kumkatalia.

Mstari wenyewe ulikuwa hivi: "Nilipata ajali Jumanne saa 1:40 maeneo ya Mlimani City, nikagonga pikapu ya mbele na Noah ikanigonga nyuma, picha nimeambatanisha."

Kwa sisi tuliomsikia akisimulia, hakuna tatizo. Ila asesa wa bima anayekagua hasara hajamsikia, yeye anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinasema dada kagonga pikapu KWANZA, halafu ndo Noah ikaja. Ukweli ni kinyume chake. Foleni ilisimama, bodaboda ikakatiza, pikapu ikafunga breki, dada naye akafunga breki na akasimama kabisa, kukiwa na nafasi kati yake na pikapu. Noah ya nyuma haikusimama. Ikampiga, IST yake ikasukumwa mbele ikaenda kugusa pikapu. Ni yale yale magari matatu na ile ile mikwaruzo, ila mwenye kosa sio yule yule. Akiwa amesukumwa, mwenye Noah ndo anabeba mzigo wa magari yote mawili. Akiwa amegonga mwenyewe kwanza, uharibifu wa mbele ni wake na mwenye pikapu anamdai yeye.

Na msiniambie ana bima kubwa kwahiyo atalipwa tu vyovyote iwavyo. Atalipwa, ndio, lakini kuna ile sehemu ya kwanza ya hasara anayobeba mwenyewe, na kuna punguzo la kutokuwa na madai ambalo mwakani halioni tena. Kampuni yake ikijua kosa ni la Noah inaweza kuzidai hizo hela kwa bima ya Noah. Isipojua, zinamganda yeye.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utata huu ulikuwa unatatulika kwa maswali mawili ya simu. La kwanza, dereva wa pikapu alisikia mishtuko mingapi? Gari la katikati likigonga lenyewe halafu likagongwa nyuma, wa mbele mara nyingi anasikia mishtuko miwili. Likisukumwa, anasikia mmoja. Dereva wa pikapu alikuwa pale pale, namba yake ya simu dada alikuwa nayo, na alisikia mmoja. La pili, alama za mbele ziko urefu gani? Gari lililofunga breki kali pua inainama, kwahiyo likigonga katika hali hiyo alama kwenye gari la mbele zinakaa chini kidogo kuliko bampa la gari lililogonga likiwa limetulia. Gari lililokuwa limesimama likasukumwa linagusa karibu na usawa wake wa kawaida. Hivi si vithibitisho vya mwisho, barabara ina miinuko na watu wanasahau, lakini asesa anayejua kazi anaanzia hapo.

Halafu ikaja ile saa. Ripoti ya trafiki imeandika 07:40, imeili imeandika 1:40 bila asubuhi wala usiku. Aliyeifungua akaisoma kama saa saba na dakika arobaini usiku! Barua iliyorudi ikasema maelezo "hayaendani na ripoti ya polisi" na ikamuuliza alikuwa anatoka wapi usiku huo. Mama wa watu alikuwa anapeleka mtoto shule. Kwahiyo jamani, mkiwaandikia bima wekeni zote mbili, saa 1:40 asubuhi halafu 07:40, ili asipatikane mtu wa kuitafsiri anavyotaka.

Na eneo pia, "maeneo ya Mlimani City" haitoshi, andika barabara, unatoka wapi unaelekea wapi, na uko leni ipi.

Nimeiandika upya ile imeili kama ilivyotakiwa iwe, na nimemwambia aipeleke kama maelezo ya nyongeza akitaja tarehe ya ile ya kwanza, sio kujifanya ile ya kwanza haipo:

"Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa 1:40 asubuhi (07:40), nilikuwa Barabara ya Sam Nujoma nikitoka Ubungo kuelekea Mwenge, leni ya kushoto, karibu na Mlimani City. Manyunyu yalikuwa yanashuka, lami imelowa. Pikapu iliyokuwa mbele yangu ilifunga breki baada ya bodaboda kukatiza. Nilifunga breki na kusimama bila kuigusa. Baada ya kusimama nilisikia kishindo nyuma: Noah ilinigonga kwenye bampa la nyuma. Gari langu lilisukumwa mbele na ndipo likagusa pikapu. Sikuiona Noah kabla haijanigonga, kwahiyo siwezi kusema ilikuwa na mwendo gani."

Angalieni hiyo sentensi ya mwisho. Watu wanapenda kuandika "alikuwa anakimbia sana" wakati hawakuona kitu, halafu wakibanwa wanashindwa kueleza walijuaje, na hapo hata yale waliyoyaona kweli yanaanza kutiliwa shaka. Na humo ndani hakuna "samahani" wala "nitamlipa", kwa sababu mikataba mingi ya bima inakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila ya kampuni kuridhia. Pale barabarani mtu akikuandikisha karatasi ya kukiri, usisaini.

Picha dada alipiga nyingi, ila karibu zote ni za karibu, bampa limepasuka, taa imevunjika. Bampa lililopasuka halisemi nani kamgonga nani. Iliyokuwa inahitajika ni ile ya mbali, kabla magari hayajasogezwa, magari yote matatu yakiwa ndani ya picha moja pamoja na kitu kisichohama, kituo cha daladala au nguzo ya taa. Kisha hatua chache karibu, namba za magari zionekane. Halafu ndo uinamie mikwaruzo, rangi ya Noah iliyobaki kwenye bampa lako, vioo vilivyomwagika chini. Na msizitume kwa wasapu kama picha za kawaida, inazibana na kufuta ile taarifa ya ndani inayoonyesha saa na mahali picha ilipopigwa. Ziambatanishe kwenye imeili zikiwa asilia. Gmail inakuruhusu kutuma viambatisho mpaka MB 25 kwa imeili moja, zikizidi gawa, andika sehemu ya 1 na ya 2. Ile saa iliyomo ndani ya picha ndo ingemaliza mjadala wa usiku na asubuhi siku ile ile.

Nakubali, shingo upande, kwamba kampuni za bima zinaletewa ajali za kutunga na lazima wahoji. Wahoji basi! Wahoji siku wanayopokea imeili, wakati dereva wa pikapu bado anakumbuka na gari halijaenda gereji. Bampa la pikapu lilishabadilishwa kitambo, lile la zamani halijulikani liko wapi, na sasa hivi ndo wanaomba picha ya urefu wa alama.